Harusi ya Kua: Kisa cha kutisha kinachosimuliwa na mwiko

Wageni waliingia jioni. Walitoka Kisimani, ncha ya magharibi ya kisiwa cha Mafia, wakavuka maji mpaka kisiwa kidogo cha Juani, kwenye mji wa Kua. Walikuwa wamealikwa harusini, na mwaliko wa harusi Pwani mtu haukatai hivi hivi. Wenyeji wakawapokea kwa bashasha, wakawashusha kwenye chumba kilichoandaliwa chini ya nyumba, wakawakirimu. Halafu mwenyeji mmoja akatoka. Baada ya muda akatoka wa pili. Hakuna aliyeshtuka, maana harusini watu huingia na kutoka. Mwisho wenyeji wote wakawa wamekwisha, kabaki mzee mmoja tu anayewachangamsha wageni kwa maneno. Na wakati yeye anaongea, mlango ulikuwa unazibwa kwa mawe, taratibu, kutoka nje.

Mzee alibaki humo humo. Jina lake halijulikani, wala la bwana harusi, wala la fundi aliyejenga ule ukuta.

Hiki ni kisa cha mdomo, kimepita kwa wazee wa Mafia mpaka kikaandikwa na watu waliopita huko. Sababu yake nayo ni nzito. Inasemekana miaka kama saba au nane kabla ya harusi hiyo, watu wa Kisimani walijenga jahazi, wakawaalika wa Kua kuja kulishusha majini. Sherehe ikiwa imepamba moto wakawakamata watoto wa wageni wao, wakawalaza mchangani, na jahazi likaburutwa juu yao kama vile wao ndio magogo. Kua hawakupiga kelele. Walisubiri.

Mji wenyewe si wa kubuni. Magofu ya Kua yapo mpaka leo upande wa magharibi wa Juani: kuta za matumbawe na chokaa, misikiti, makaburi, jumba kubwa linaloitwa la mtawala, na mibuyu iliyoota katikati ya vyumba vya watu. Kwa hesabu inayotajwa mara nyingi, mwaka 1829 hivi Wasakalava kutoka Madagaska waliuvamia mji, wakaua, wakateka, na waliosalia wakahamia kisiwa jirani cha Chole. Kisimani nayo sehemu kubwa imeliwa na bahari. Kwa hiyo waliofanya na waliofanyiwa wote hawapo. Limebaki pango la kisa.

Sasa, kijana mwenye simu na akaunti akikisikia kisa hiki, jambo la kwanza analofanya linajulikana. Anaweka muziki wa kutisha, anaweka picha ya gofu, kisha sauti nzito inaanza: "Hii ni hadithi ya kisasi cha kutisha, ambapo wageni walizikwa wakiwa hai..." Sekunde ya sita mtazamaji keshajua kila kitu. Amebaki kusubiri alichokwisha kuambiwa, na kidole chake hakina subira hiyo.

Angalia jinsi kisa kilivyo chenyewe. Wenyeji wanatoka mmoja mmoja. Ukuta unapanda jiwe moja moja. Mzee anaongea ili watu wasisikie. Yaani mtego wote wa Kua ulitegemea sikio la mgeni: kama angesikia, angeponea. Kisa cha namna hii kikielezwa kwa maneno ya msimulizi, kinanyang'anywa kitu pekee kinachokifanya kitishe. Mtazamaji anatakiwa akae mahali pa mgeni, asikie alichosikia mgeni, na achelewe kuelewa kidogo tu kabla mgeni hajaelewa.

Watu wa sinema waliliona hili mapema sana, sauti ilipokuwa bado ngeni kwenye filamu. Mwaka 1931 Fritz Lang alitoa filamu inayoitwa M, kuhusu mtu anayeua watoto mjini Berlin. Mwanzoni muuaji haonyeshwi uso. Anapiga mluzi. Ni wimbo ule ule, na baada ya kuusikia mara ya kwanza pamoja na msiba, hauhitaji tena kuambiwa lolote: mluzi ukisikika barabarani, roho inaruka. Anayemtambua ni kipofu muuza maputo, kwa sikio. Mwigizaji Peter Lorre hakujua kupiga mluzi, ikabidi Lang apige mwenyewe. Filamu ina umri wa bibi za watu lakini kanuni yake haijazeeka: sauti hufundishwa kwanza, hutumiwa baadaye.

Kufundisha sauti maana yake ni kuiweka mahali pasipo na hatari. Sauti ya kutisha ikija mara ya kwanza wakati wa kutisha, ni kelele tu, mtu atashtuka halafu atacheka. Lakini akiwa ameizoea kwenye furaha, siku inapobadilika maana anaitafsiri mwenyewe, na alichotafsiri mwenyewe hawezi kukikataa.

Kwa harusi ya Kua, Kiswahili chenyewe kinatoa zawadi. Mwiko wa kupikia ni mwiko, na mwiko wa mwashi ni mwiko. Harusi ina sufuria kubwa, na sufuria kubwa ina mtu anayekwangua chini wali usigande: kru, kru, kru, kisha kimya kidogo. Mikwaruzo mitatu, pumziko la kama sekunde mbili, mitatu tena. Hiyo ndiyo sauti ya kufundisha. Isikike mapema, mchana, pamoja na vicheko vya wanawake uani, kamera ikiwa imegeukia pengine kabisa, kwa wageni wanaovua viatu. Asiionyeshe mtu. Sikio litasema "jikoni", basi.

Usiku, watu wamekwisha kula, mwiko unarudi. Mikwaruzo mitatu, pumziko lile lile. Mapigo hayajabadilika hata kidogo, kilichobadilika ni ngozi ya sauti: ule wa kwanza ni ubao kwenye shaba, mzito na mtulivu, huu ni chuma kwenye jiwe la matumbawe, unakereketa. Mtazamaji wa kawaida atasema jikoni wanasafisha. Mwingine ataanza kujiuliza ni nani anapika saa hizi. Hapo hadithi imeanza kazi, na hakuna aliyefungua mdomo kueleza.

(Mwiko wa pilau na mambo ya ngoma yanayofuata hayamo kwenye simulizi ya wazee. Ni kazi ya mwandishi wa skripti, na ni haki yake, mradi asije akaandika chini ya video kwamba ndivyo ilivyokuwa.)

Kutoka kwa wenyeji nako kusemwe kwa sauti. Njia rahisi ni kuwapa wenyeji ngoma na wageni makofi. Matari manne yanapiga. Kamera iko kwenye uso wa mgeni mmoja, kijana, anafurahi. Yanabaki matatu. Yanabaki mawili. Hakuna shoti ya mtu anayetoka mlangoni, maana ukimwonyesha anayetoka umeshaeleza. Muziki unapungua unene tu, kama chai inayoongezwa maji, na yule kijana anaendelea kupiga makofi mpaka anagundua makofi yake yamekuwa makubwa kuliko ngoma. Kuna jambo la kifizikia hapa linalosaidia: chumba cha mawe chenye watu wengi hunyonya sauti, kikipungua watu kinaanza kurudisha mwangwi. Kwa hiyo kadiri wenyeji wanavyopungua, kila kofi liwe na mkia mrefu kidogo. Mtazamaji hatajua kwa nini chumba kinaonekana kikubwa kuliko dakika iliyopita. Atahisi tu.

Tukija kwenye ukimya, hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wanafikiri ukimya ni kukata sauti yote. Ukikata sauti yote kwenye video ya simu, mtazamaji haogopi, anaangalia kama simu yake imeharibika. Anapandisha sauti, anagusa kioo, ametoka kwenye hadithi. Hakuna mahali duniani pasipo na sauti. Hata chumba kitupu kina pumzi yake. Ukimya wa kutisha ni ule ambao kitu kimoja ulichokuwa umekizoea hakipo tena, huku vingine vikiendelea.

Kwa Kua kitu hicho ni bahari. Tangu shoti ya kwanza, chini ya kila kitu, iwepo bahari na wadudu wa usiku, kwa sauti ya chini ambayo mtu haitilii maanani. Wageni wanaposhuka chumbani, bahari bado inaingia kupitia mlango. Kisha mawe yanaanza kupanda. Ukuta huzuia kwanza sauti nyembamba, nzito hupita kwa muda mrefu zaidi. Ndiyo maana muziki wa jirani unausikia besi tu. Kwa hiyo bahari isishushwe kama mtu anayepunguza redio. Ianze kupoteza ule mchachariko wa povu, wadudu wapotee kabisa, ibaki nguruma ndogo, kisha nayo iondoke. Kwenye programu ya kuhariri ni kazi ya kichujio kinachokata sauti nyembamba: kianze kukata kutoka hezi 8,000, kishuke polepole mpaka kama hezi 400 kwa sekunde ishirini na tano hivi, halafu ndipo bahari izimwe. Kinachobaki ni pumzi ya watu, utambi wa taa, na mwiko.

Na mwiko ukikoma? Hapo ndipo pigo lenyewe. Mtazamaji amefundishwa kusubiri mikwaruzo mitatu baada ya kila pumziko. Sekunde mbili zinapita. Tatu. Nne. Haurudi. Maana yake jiwe la mwisho limekaa. Ukimya huo hauhitaji ngoma ya kutisha, na atakayeuwekea muziki hapo amejiharibia mwenyewe kazi ya dakika nzima.

Skripti ya aina hii huandikwa tofauti na zile za maongezi. Kinachosikika kinaandikwa kabla ya kinachoonekana, na kinaandikwa kama kinavyosikika, siyo kama kinavyomaanisha. Kipande cha katikati cha video ya sekunde tisini kinaweza kuwa hivi:

"Sekunde ya 38. Matari mawili, makofi ya wageni. Bahari ipo. Tunaona: sinia tupu, mkono unaokota punje ya mwisho ya wali.

Sekunde ya 44. Tari moja. Chuma kwenye jiwe, mara tatu, mbali. Tunaona: kijana anageuza kichwa kidogo, anarudi kutabasamu.

Sekunde ya 50. Tari linaisha katikati ya pigo. Makofi ya wageni yanaendelea, yanachelewa, yanakufa. Bahari imekuwa nzito, haina povu. Mzee, akicheka: 'Sasa nani atanimalizia chai hii?' Wageni wanacheka.

Sekunde ya 58. Chuma kwenye jiwe, mara tatu, karibu. Mzee anaongeza sauti ya kuongea. Tunaona: macho yake tu. Hayaangalii mlango."

Ona kwamba hakuna palipoandikwa "wageni wanaanza kuogopa" au "ukuta unajengwa". Mwigizaji na mhariri wakisoma maneno hayo wataanza kuyaonyesha, na yakionyeshwa siri imetoka. Na mzee anasema jambo la kawaida la mzee wa harusini. Anapoongeza sauti ya kuongea mwiko ukikaribia, hilo ndilo ungamo lake.

Kurekodi nako kuna mitego yake. Bahari irekodiwe Juani kwenyewe kama safari ipo, angalau dakika moja nzima bila mtu kusema wala kukohoa, maji yakijaa na tena yakitoka, kwa sababu pwani ile yenye mikoko haitoi sauti moja kwa nyakati hizo mbili. Chumba, hapana. Magofu hayana paa, sauti inaruka juu na kupotea, hayawezi kutoa mwangwi wa chumba kilichofungwa. Tafuta stoo ya saruji isiyo na zulia. Na mwiko usijaribiwe kwenye kuta za Kua hata mara moja: ni mahali pa kihistoria panapolindwa, kuta zimechoka, na kuna makaburi ya watu hapo. Jiwe lolote lenye chokaa kavu la mahali pengine litatoa sauti hiyo hiyo.

Adui mwingine ni simu yenyewe. Simu nyingi zikisikia kimya hujiongezea usikivu zenyewe, na ule ukimya ulioutaka unajaa mfukuto kama mafuta ya kukaangia. Tumia programu ya kurekodi inayokuruhusu kufunga kiwango cha sauti kwa mkono, na zima kile kipengele cha kusafisha kelele, maana kitaifuta bahari kikidhani ni uchafu. Halafu kumbuka wengi watatazama bila hedifoni. Spika ndogo za simu hazitoi vizuri sauti nzito, zile za chini ya hezi 200 hivi ni kama hazipo. Ule mvumo wa chini unaotikisa kifua studio, kwenye daladala ni hewa tupu. Mwiko wa chuma ukichaguliwa, tatizo limekwisha: unakereketa, unapenya hata kwenye spika mbovu.

Wapo pia wanaotazama bila sauti kabisa, na viziwi, kwa hiyo maandishi ya chini lazima yawepo. Yaandikwe kwa nidhamu ile ile ya skripti. Ukiandika "[ukuta unazibwa]", umefanya kosa la yule msimulizi wa sekunde ya sita. Andika "[kru, kru, kru]" mchana, na usiku andika hivyo hivyo, herufi kwa herufi. Msomaji atakutana na neno lile lile mahali pasipo pake na atashtuka kama msikilizaji. Na mwisho weka mabano matupu pale mwiko ulipotakiwa kurudi.

Kujua kama imefanikiwa, mpe mtu asiyejua kisa, asikilize akiwa amefumba macho, ainue mkono pale anapohisi kuna jambo haliko sawa. Akiinua mchana, mwiko wa jikoni umewekwa kwa sauti kubwa mno. Akiinua mwiko ulipokoma tu, ule wa usiku umezikwa na matari, uupandishe. Mahali pazuri ni sekunde ya 44 mpaka ya 58, na wasikilizaji wakitofautiana kidogo ndani ya hapo ni vizuri zaidi.

Linabaki jahazi. Bila watoto wa Kua, harusi hii ni ukatili mtupu, na wageni wanakuwa watu wazuri waliouawa bure. Lakini ukieleza jahazi, umerudisha msimulizi. Njia ni kulitumia kama sauti ya kwanza kabisa. Kioo cheusi, sekunde nane: wanaume wengi wanavuta kwa pamoja, mbao zinaburuzwa juu ya kitu, kishindo, pumziko, kishindo. Halafu kwenye pumziko la tatu, mtoto analia, mara moja, inakatika. Mara jua, uani, mwiko kwenye sufuria. Hakuna maelezo. Mtazamaji anaiweka pembeni kama kitu asichokielewa.

Itarudi sekunde ya 75, bahari ikiwa imekwisha, mwiko umekwisha. Kijana ameusukuma mlango na mkono wake umegusa chokaa mbichi. Wote wanamgeukia mzee. Mzee hasemi. Anaanza kupiga kiganja chake kwenye goti, kishindo, pumziko, kishindo, kwa mapigo yale yale ya wavuta jahazi. Mmoja wa wageni, mtu mzima, anayatambua. Kofi la mzee linaendelea. Utambi wa taa unachechemea, unazima, na kwenye kioo cheusi yanasikika mapigo mawili zaidi, halafu la tatu halipigwi.